Panga la Kufyekea Shamba: Umbo, Uzito, Chuma na Namna ya Kulinoa

Panga la shamba ni bamba moja la chuma lililochongwa makali upande mmoja na kutiwa mpini. Madukani huuzwa kwa inchi, kwa kawaida kati ya 14 na 20, na karibu yote hupakwa vanishi yakang'aa sawasawa. Ndiyo maana wanunuzi wengi huchagua kwa bei au kwa alama iliyochorwa kwenye bapa, kisha tofauti hujulikana shambani: moja linapinda kwenye kisiki cha kwanza, jingine linamenyeka makali, na jingine linamchosha mfyekaji kabla ya saa nne asubuhi ingawa chuma chake hakina kasoro. Mambo matatu huamua panga litafanyaje kazi: umbo la bapa, uzito na mahali unapokaa, na aina ya chuma pamoja na jinsi kilivyopikwa kiwandani. Jambo la nne, kunoa, liko mikononi mwa mwenye panga, nalo huweza kuharibu yote matatu yaliyotangulia.

Kabla ya kwenda dukani yafaa kulitazama shamba lenyewe. Mfano mzuri ni ekari moja ya wilaya ya Muheza, Tanga, iliyolala miaka miwili na inayotakiwa kuwa tayari kabla ya mvua za masika. Upande wa bondeni kuna nyasi na mabingobingo yaliyompita mtu urefu. Katikati kumejaa lantana, vichaka vyenye miba midogo na mashina ya unene wa kidole gumba. Upande wa juu visiki vya zamani vimechipua, na machipukizi yake yamefikia unene wa mkono wa mtoto. Hizo ni kazi tatu tofauti, na hakuna panga moja linalozifanya zote kwa ubora uleule.

Nyasi hukatwa na mwendo wa haraka. Jani halina uzito wa kulizuia lisikimbie mbele ya panga, kwa hiyo bapa likienda polepole nyasi huinama tu na kusimama tena. Kazi hii hudai panga refu, jembamba na jepesi, la inchi 18 hadi 20, lenye upana unaokaribia kulingana kutoka mpinini hadi nchani. Urefu huongeza mwendo wa ncha, nao huwezesha kukata karibu na ardhi bila kuinama sana. Mabua ya mabingobingo, ingawa ni manene kuliko nyasi, yana maji mengi ndani na hukubali panga hilohilo.

Vichaka ni habari nyingine. Shina la lantana hupinda na kurudi kama fimbo mbichi, na huhitaji pigo lenye uzito nyuma yake. Hapa ndipo umbo linalojulikana zaidi Afrika Mashariki linapofaa: bapa jembamba karibu na mpini, linalopanuka kuelekea mbele, kisha mgongo unateremka au kupanda kidogo kuifikia ncha. Upana ule wa mbele huweka uzito mahali pigo linapotua, yaani kwenye theluthi ya mwisho ya bapa. Makali yake yana mviringo kidogo, na mviringo huo hufanya chuma kiteleze ndani ya shina kinapokata badala ya kuligonga tu. Ncha iliyoinuka husaidia jambo jingine ambalo wanunuzi hawalifikirii: makali hayagusi ardhi kwa urahisi mfyekaji anapokata chini. Jiwe moja dogo lililofichwa na majani huharibu makali kuliko kazi ya asubuhi nzima.

Kwa machipukizi ya kwenye visiki, hasa yale yaliyosongamana, mundu wenye ncha iliyopinda mbele ni bora, kwa kuwa mpindo hushika shina na kulivuta huku likikatwa. Shina likizidi unene wa kifundo cha mkono, panga liwekwe chini na shoka lichukuliwe. Kulazimisha panga kwenye gogo ndicho chanzo kikubwa cha mipini kupasuka na bapa kujikunja, na pia cha ajali, maana panga lililokwama huchomolewa kwa nguvu na mtu hajui litaelekea wapi likitoka.

Uzito unaweza kukisiwa hata pasipo mizani. Bapa la urefu wa sentimita 40, upana wa wastani wa sentimita 6.5 na unene wa milimita 2 huwa na gramu 400 hivi. Mpini ukiongeza gramu 100, panga zima ni nusu kilo. Unene ukiwa milimita 3, bapa peke yake hufika gramu 600 na panga zima gramu 700. Tofauti ya gramu 200 huonekana ndogo kaunta ya dukani, lakini mtu anayepiga mara 20 kwa dakika hupiga mara 1,200 kwa saa, na hapo mkono wake umeinua kilo 240 zaidi. Kwa nyasi uzito huo ni hasara tupu. Kwa vichaka vya miti migumu una faida, ilimradi mkono wenyewe una nguvu ya kuusimamisha. Panga lisiloweza kusimamishwa linapokosa shabaha humalizia safari yake kwenye goti au muundi wa mfyekaji.

Mahali uzito unapokaa hupimwa kwa kidole. Panga likilazwa juu ya kidole cha shahada na kusogezwa hadi likae bila kuanguka upande wowote, pointi hiyo ikiwa inchi mbili au tatu tu mbele ya mpini, panga ni jepesi mbele na linageuka haraka. Ikiwa mbali zaidi, panga linapiga kwa nguvu lakini linachosha kiganja. Urefu nao hupimwa mwilini: mkono ukining'inia pembeni umeshika panga, ncha isiguse ardhi. Mtu mfupi anayenunua panga la inchi 20 kwa kuwa jirani yake mrefu analo, atakuwa akichimba udongo siku nzima.

Chuma ndicho sehemu isiyoonekana, na ndiyo inayostahili muda mrefu zaidi dukani. Chuma cha pua cha mapanga mazuri huwa na kaboni ya kiasi cha asilimia 0.5 hadi 0.75. Kaboni hiyo ndiyo inayokiwezesha kuwa kigumu kinapopashwa moto hadi kuwa chekundu, karibu nyuzi 800, na kuzimwa ghafla kwenye mafuta. Kikitoka hapo huwa kigumu mno na huvunjika kama kigae, kwa hiyo hupashwa tena kwa joto la chini zaidi ili kipunguze ukali na kupata unyumbufu. Panga zuri limesimama katikati: ni gumu kiasi cha kushika makali, ni laini kiasi cha kukubali tupa, na likipinda hurudi. Mapanga ya bei ya chini sana mara nyingine hutengenezwa kwa chuma laini cha kawaida, chenye kaboni ya asilimia 0.2 hivi. Chuma hicho hakigeuki kuwa kigumu hata kipikwe vipi, na hakuna ustadi wa kunoa utakaokiokoa.

Alama ya kiwanda husaidia lakini haitoshi. Mapanga ya mamba ya kampuni ya Martindale ya Uingereza yamejenga sifa kwa vizazi kadhaa, na sifa ya namna hiyo ndiyo inayowavutia waigaji. Kinachothibitisha ni majaribio, na mengi hufanyika pale kaunta muuzaji akiridhia. La kwanza ni kupinda: ncha hukandamizwa kwenye ubao na bapa kupindwa taratibu kwa upana wa vidole vinne, kisha kuachiwa. Panga lililopikwa vizuri hurudi limenyooka kama lilivyokuwa. Likibaki na mpindo, chuma ni laini au hakikuzimwa. La pili ni tupa: ikipitishwa mara moja karibu na makali, yapasa ing'ate na kutoa chembe ndogo huku mkono ukihisi ukinzani. Ikizama kama kwenye msumari, chuma ni dhaifu. Ikiteleza bila kukwaruza, ni kigumu kupita kiasi na kitamenyeka kwenye kisiki kikavu. La tatu ni kugonga bapa kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Mlio wa kukwaruza au wa kufifia ghafla ni dalili ya ufa au ya mpini uliolegea.

Mapanga ya wahunzi, yanayofuliwa kwa springi za magari, yana sifa yake. Chuma cha springi kina kaboni ya karibu asilimia 0.6 na ni imara sana. Udhaifu wake hutokana na unene: springi nyingi zina zaidi ya milimita 6, na mhunzi asiyekuwa na muda wa kulifua bapa hadi lipungue humwachia mteja chombo kizito kama shoka. Pia upikaji hutofautiana toka panga hadi panga, hata kwa fundi yuleyule, kwa hiyo majaribio ya kupinda na ya tupa ni ya lazima zaidi hapa.

Mpini hukaguliwa mwisho. Chuma cha bapa kiendelee hadi mwisho wa mpini, kishikwe kwa ribiti tatu zisizotikisika, na vichwa vya ribiti visitokeze nje ya mbao au plastiki. Upenyo mdogo kati ya chuma na mpini leo, baada ya wiki mbili za jasho na utomvu, huwa ufa unaobana ngozi ya kiganja.

Kwa ekari ile ya Muheza, basi, uamuzi wa busara ni mapanga mawili: jepesi la inchi 18, unene wa milimita 2, kwa bonde la mabingobingo, na lenye bapa pana mbele, inchi 16, unene wa milimita 3, kwa lantana. Machipukizi ya juu yatakatwa na hilo la pili, na mashina mazito yataachiwa shoka. Mwenye uwezo wa kununua moja tu achukue lile la inchi 16, kwa sababu panga la vichaka hukata nyasi kwa taabu, ilhali panga la nyasi halikati vichaka kabisa.

Panga jipya halijanolewa, hata kama limechongwa. Kiwandani huachiwa makali mazito ili lisiharibike safarini, na vanishi hufunika hadi ukingoni. Kazi ya kwanza ni kulikwangua vanishi hiyo sehemu ya makali kwa msasa, maana hujaza meno ya tupa. Kisha huamuliwa pembe. Makali hutokana na miteremko miwili inayokutana, na kadiri miteremko hiyo inavyokuwa mirefu ndivyo makali yanavyokuwa membamba. Panga la nyasi linafaa mteremko wa nyuzi 20 kila upande; la vichaka, nyuzi 25 hadi 30, kwa sababu makali membamba hujikunja au kumenyeka yakikutana na mti mkavu.

Pembe hiyo hupatikana bila chombo cha kupimia. Kona ya karatasi yenye pembe mraba ikikunjwa katikati hutoa nyuzi 45, na ikikunjwa tena hutoa nyuzi 22 na nusu. Kona hiyo ikisimamishwa kando ya panga huonyesha tupa iinamishwe kiasi gani. Njia ya pili ni kutazama upana wa mteremko. Kwenye bapa la milimita 2, mteremko wa upana wa milimita 3 kila upande ni nyuzi 20, na wa milimita 2 ni nyuzi 30. Kwenye bapa la milimita 3, mteremko wa milimita 3 kila upande ni nyuzi 30, na wa milimita 4 na nusu ni nyuzi 20. Rula ya mwanafunzi inatosha kuukagua.

Tupa inayofaa ni bapa, ya urefu wa inchi 10 au 12, na lazima iwe na mpini. Mkia wa tupa isiyo na mpini ni msumari ulioelekezwa kiganjani: tupa ikikwama, kiganja ndicho kinachosonga mbele. Urefu wa tupa pia ni ulinzi, kwa kuwa huuweka mkono mbali na makali. Kipande cha ngozi au cha tairi kuukuu, kipana kama kifuniko cha chupa kubwa, kitobolewe na kuvishwa kati ya tupa na mpini wake, kiwe ngao ya vifundo vya vidole. Glovu nzito za ngozi na miwani ya kinga hukamilisha maandalizi. Vumbi la chuma jichoni ni jeraha la kweli, na kufikicha hulizidisha.

Kinachojeruhi wengi ni panga linalotembea wakati linanolewa. Kulikandamiza kwa mguu, au kulishika mapajani, ni kukaribisha mkato wa paja, mahali penye mshipa mkubwa wa damu. Penye jiliwa, bapa libanwe katikati ya vipande viwili vya mbao. Pasipo na jiliwa, benchi la kawaida au gogo lililochongwa juu linatosha: panga hulazwa ubapa, makali yakitokeza nje ya ukingo kwa inchi moja na kumwelekea mnoaji, kisha hufungwa kwa nguvu sehemu mbili, mpinini na karibu na ncha, kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Likitikiswa kwa mkono lisisogee hata kidogo.

Mnoaji husimama miguu ikiwa imeachana, tupa mkononi, mpini wake chini kidogo kuliko ncha yake ili uso wake ulale juu ya mteremko. Husukuma kwa mshazari kutoka makali kuelekea mgongoni, huku akisogea pembeni, ili kila msukumo unoe sehemu ndefu ya makali na usichimbe shimo mahali pamoja. Meno ya tupa hukata yakisukumwa tu, kwa hiyo wakati wa kurudi huinuliwa. Kuyakokota nyuma huyabutua. Msukumo hukoma mkono ukiwa bado inchi nne au zaidi kutoka kwenye makali, na hapo ndipo faida ya tupa ndefu inapoonekana. Inchi tatu za karibu na mpini huachwa butu. Haziguswi na kazi yoyote ya kufyeka, na kidole kikiteleza mbele ndizo kinazozikuta kwanza.

Upande wa kwanza hauishi kwa kuhesabu misukumo. Huisha pale ukingo mwembamba wa chuma unapojikunja upande wa pili, kwa urefu wote wa makali. Hutambulika kwa kidole kinachopita juu ya ubapa kuelekea nje, kutoka mgongoni hadi ukingoni, kamwe si kwa kufuata urefu wa makali. Mkwaruzo mdogo ukihisiwa kila mahali, panga hufunguliwa, hugeuzwa na kufungwa upya, na upande wa pili hupewa kazi ileile. Panga jipya huweza kula saa nzima mara ya kwanza. Baada ya hapo dakika chache hutosha. Ukingo uliojikunja huondolewa kwa kinoo kilicholoweshwa maji, mara chache kila upande kwa mkono mwepesi. Ukiachwa, panga huonekana kali kwa mapigo machache, kisha ukingo huo huvunjika na kuacha makali butu.

Wapo wanaotafuta ukali kwa kupitisha kidole gumba juu ya makali, na makovu yao yanaonekana. Mwanga hupima vizuri zaidi: panga likishikwa jua likiwa nyuma ya mtazamaji, makali butu hurudisha mstari mweupe au vitone vinavyong'aa, wakati makali halisi hayaonyeshi kitu. Vitone hivyo pia huonyesha hasa pa kurudia kwa tupa.

Mashine ya kusaga ya umeme hufanya kwa dakika moja kazi ya nusu saa, na ndiyo inayoharibu mapanga mengi kuliko mawe ya shambani. Ukingo mwembamba hauna mahali pa kupeleka joto. Rangi ya manjano ikitokea juu ya chuma, joto limekaribia nyuzi 220; ikifika buluu, limekaribia 300, na ukingo wenyewe, usioonekana vizuri katikati ya cheche, huenda umepita hapo na kulegea. Panga la namna hiyo hubutuka kwenye kichaka cha kwanza, na dawa pekee ni kuliondoa eneo hilo lote kwa tupa. Anayelazimika kutumia mashine aguse kwa sekunde mbili tatu, achovye majini, na asiendelee kamwe ikiwa chuma hakishikiki kwa kidole. Diski nyembamba ya kukatia isitumike kunolea ubavuni, kwa sababu haikutengenezwa kubeba nguvu ya pembeni na huweza kupasuka vipande. Cheche nazo ziwe mbali na nyasi kavu na mafuta.

Shambani panga hurudiwa kwa kinoo kila linapoanza kuinamisha majani badala ya kuyakata, panga likiwa limeegemezwa kwenye gogo na makali yakielekezwa mbali na mwili. Wafyekaji waachane angalau hatua nne. Mashina yakatwe chini kabisa na kwa usawa, kwani kisiki kilichokatwa mshazari huwa mkuki unaomsubiri mtu wa msimu ujao anayepita na ndara. Jeraha likitokea hukandamizwa kwa kitambaa safi hadi damu isimame, na aliyeumia apelekwe zahanati aulizwe kuhusu chanjo ya pepopunda, hata mkato ukiwa mdogo. Jioni utomvu hufutwa, bapa hupakwa mafuta kidogo na kurudishwa katika ala.

Kila kunoa hula chuma. Panga la vichaka likishapoteza robo ya upana wake wa mbele limepoteza pia uzito uliolifanya lifae, na tangu hapo linafaa zaidi kukatia majani ya ng'ombe. Kwa lantana linunuliwe jingine.